Sindano ya Pepopunda na Dhana ya Utasa

Limeenea miongoni mwetu, katika vijiji vya pwani na vya bara pia, neno linalosemwa kwa yakini kubwa na watu ambao hawakupata kulichunguza: kwamba sindano ya pepopunda wanayochomwa wanawake kliniki ni hila ya kufunga vizazi vyao. Husemwa kisimani, harusini na matangani, na anayeombwa ushahidi aghalabu hujibu kwa methali, kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kana kwamba methali ni shahidi aliyeapishwa mbele ya kadhi. Nakusudia kulipinga neno hili. Sitalipinga kwa kuwadharau wanaolisema, maana wengi wao wanasema kwa huruma ya binti zao, bali kwa kulifuata tangu lilikozaliwa mpaka lilipotufikia, na kulipima kwa mizani ya insafu.

Anayenilazimu kuandika ni binti mmoja wa mtaani petu, mke wa mtu, mwenye mimba yake ya kwanza. Bibi nesi amemwambia achomwe sindano mbili kabla ya kujifungua. Mama mkwe wake amemkanya asithubutu, maana atazaa huyu mmoja kisha mlango utafungwa. Alinijia jioni, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi: “Ami, nikichomwa nisizae tena, nani atanisitiri? Na nisipochomwa akafa mtoto, nitamjibu nini Mola wangu?” Swali la namna hii halijibiwi kwa kumwambia mtu asisikilize maneno ya watu, kwa kuwa watu hao ndio anaoishi nao, ndio watakaomwogesha mtoto wake na kumzika yeye. Anastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Basi na tuanze na asili. Dhana hii haikuzuka hewani. Ina mzizi mmoja wa kweli, na asiyeukiri mzizi huo hataweza kulikata tawi. Huko Delhi, nchini India, mtaalamu aitwaye Profesa G. P. Talwar na wenzake walishughulika kwa miaka mingi kutafuta chanjo ya kupanga uzazi. Walitazama homoni ambayo kijusi huanza kuitoa mara tu mimba inapotunga, ile ile inayotafutwa katika mkojo wa mwanamke anapopimwa mimba, na ambayo kazi yake ni kuushika mji wa mimba usimwage kilichomo. Wakasema: mwili wa mwanamke ukifunzwa kuipinga homoni hiyo, mimba haitashika. Lakini mwili hauipingi homoni yake wenyewe. Kwa hiyo ilibidi homoni ifungamanishwe, kwa ufundi wa kemia, na kitu kigeni ambacho mwili hukipinga kwa urahisi, na kitu walichokichagua ni sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali. Hapo ndipo majina mawili, pepopunda na kuzuia mimba, yalipokutana katika karatasi moja, na hapo ndipo uvumi ulipopata mbegu yake.

Sasa tazama karatasi hiyo ilisema nini, maana wanaoitaja ni wengi kuliko walioisoma. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Wanawake 148, wote wakiwa wamekwisha kuzaa, walichomwa sindano 3 za kwanza kila baada ya wiki 6, na kinga iliyopatikana haikudumu bila ya kuchomwa nyingine kila baada ya miezi 3 hivi. Katika wanawake hao, mmoja katika kila watano hakupata kabisa kiwango cha kinga kilichotakiwa, ingawa alichomwa kama wenzake. Waliokipata walijikinga na mimba kweli kweli. Lakini sindano zilipokoma, kinga ilishuka, na wakashika mimba tena. Ndiyo kusema kwamba chanjo hiyo, iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo na mabingwa wa kazi hiyo, na kutolewa kwa wanawake waliokubali, ilishindwa kwa mmoja katika watano, na kwa wanne waliosalia ilidumu kwa miezi tu. Mtu anayetaka kuwafanya wanawake wa taifa zima tasa milele, kwa siri, kwa sindano zinazopishana miezi sita au mwaka mzima, angekuwa amechagua silaha ambayo wenyewe walioifua walijua haina uwezo huo.

Liko na jambo la pili ambalo wavumi hulisahau. Homoni hiyo yenyewe, isiyofungamanishwa na kitu, si sumu ya uzazi hata kidogo. Kila mama aliyepata kubeba mimba ameibeba katika damu yake kwa makumi ya maelfu ya vipimo, na mara nyingine kupita laki, mimba inapofika mwezi wa pili au wa tatu. Lau ingekuwa homoni hii ndiyo inayofunga kizazi, basi hakuna mwanamke duniani angezaa mtoto wa pili. Kwa hiyo hata akitokea mtu na kusema ameona chembe yake ndani ya kichupa cha chanjo, bado hajathibitisha neno, mpaka aonyeshe kuwa imefungamanishwa, kwa kadiri gani, na kwa namna gani.

Na mtu huyo alitokea. Katika miaka ya 1990 uvumi huu ulikwisha kupita Meksiko, Nikaragua na Ufilipino. Ulipofika Kenya ulikuta kampeni ya kuwachanja wanawake wa umri wa kuzaa iliyoendeshwa mwaka 2013 na 2014 katika wilaya zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa ya pepopunda. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini humo, kwa ushauri wa madaktari waumini wao, walitangaza kuwa vichupa vya chanjo vilivyopelekwa maabara vimeonekana kuwa na homoni ya mimba. Serikali ilikanusha, na Shirika la Afya Duniani likakanusha pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Lakini raia wa kawaida aliona wakubwa wakipingana, na palipo na ubishi wa wakubwa mnyonge huchagua lile linalomwogofya zaidi.

Sitasema kuwa maaskofu walikuwa na nia mbaya. Naamini walitaka kuwalinda waumini wao. Nasema kuwa kipimo walichokitegemea hakikufaa kwa kilichopimwa. Vifaa vilivyotumika vimetengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu. Chanjo ya pepopunda si damu wala si mkojo: ndani yake mna ile sumu iliyoondolewa makali, mna chumvi ya alumini inayouamsha mwili, na katika vichupa vya dozi nyingi mna dawa ya kuihifadhi isioze. Vitu hivyo huweza kuvuruga rangi ambayo mashine huisoma, nayo mashine haina akili ya kujua kuwa imepewa kisichoihusu. Hutoa tarakimu tu. Kupima chanjo kwa kifaa hicho na kuiamini tarakimu ni sawa na kupima kina cha bahari kwa pishi ya mchele: utapata hesabu, lakini hesabu hiyo si kina cha bahari. Zaidi ya hayo, hata katika damu yenyewe, usomaji ulio chini ya vipimo 5 vya homoni hiyo huhesabiwa kuwa hakuna mimba, kwa sababu kipimo chochote kina vumbi lake la makosa.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, je, kweli ingejulikanaje? Ingejulikana kwa njia ambazo mwanafunzi wa maabara hufunzwa mapema. Kwanza, kichupa kichukuliwe ghalani mbele ya mashahidi wa pande zote, kikiwa hakijafunguliwa, na namba yake ya toleo iandikwe, ili isije ikasemwa kimetoka kusikojulikana. Pili, pimwa pamoja nacho kichupa ambacho kila mtu anajua hakina homoni, na kingine kilichotiwa homoni kwa kadiri inayojulikana. Kifaa kikishindwa kuvipambanua viwili hivyo, ushahidi wake juu ya cha tatu ni batili. Tatu, na hii ndiyo dalili iliyo bora, changanya sampuli na maji safi nusu kwa nusu, kisha upime. Halafu changanya tena, upime tena. Homoni ya kweli itashuka nusu, kisha robo, kisha thumni, bila ya ukaidi. Kinachovuruga rangi tu hakifuati hesabu hiyo. Hurukaruka, au hubaki pale pale, au hutoweka ghafula. Anayetaka kuliaminisha taifa zima kwamba mama zao wanafungwa vizazi alipaswa kwanza kuonyesha hayo matatu hadharani, na mzigo huo ulikuwa juu ya mwenye kudai.

Nageukia sasa hoja ambayo huwashika watu wengi kuliko hiyo ya maabara, kwa kuwa haihitaji elimu kuisema: mbona wanachomwa wanawake tu, na mbona mara tano? Jibu lake limo katika ugonjwa wenyewe. Kijidudu cha pepopunda huishi udongoni na katika mavi ya wanyama, nacho hungoja jeraha. Jeraha ambalo kila binadamu huzaliwa nalo ni kitovu. Wembe usiochemshwa, uzi ulioshikwa kwa mikono ya shamba, majivu au samadi iliyopakwa kitovuni kwa nia njema, vyote ni njia zake. Mtoto huzaliwa salama, hulia, hunyonya siku mbili za kwanza kama mtoto yeyote. Kisha, aghalabu kati ya siku ya tatu na ya kumi na nne, kinywa kinakaza asiweze kukamata titi, uso unakunjamana, mgongo unapinda kama upinde, na kila mlango unapogongwa au taa inapowashwa mwili mzima unashtuka na kukakamaa, ilhali mtoto ana fahamu zake. Wazee wengi waliona jambo hili wakasema ni dege au jicho la hasidi. Mtoto huyo hawezi kuchanjwa akapona, maana hana muda. Kinga lazima aje nayo. Nayo huja nayo kutoka kwa mama, ambaye kingamwili zake hupita kondoni na kuingia katika damu ya kijusi. Ndiyo sababu anachomwa mwanamke: wanaolindwa ni wawili.

Na wala si kweli kwamba wanaume hawachomwi. Chanjo ya pepopunda imo katika sindano wanazopewa watoto wetu wachanga wa kiume na wa kike wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na mwanamume anayefika hospitali amekanyaga msumari wenye kutu aghalabu hupewa hiyo hiyo. Kuhusu hesabu ya mara tano, mwili haujifunzi kuipinga sumu hii kwa somo moja. Sindano ya kwanza hufungua mlango tu; ya pili, baada ya wiki 4, hulinda kwa miaka 3 hivi; ya tatu, baada ya miezi 6, hulinda kwa miaka 5; ya nne, baada ya mwaka, hulinda kwa miaka 10; na ya tano, baada ya mwaka mwingine, humkinga mwanamke katika umri wake wote wa kuzaa. Siku hizi huchanganywa na kinga ya dondakoo, lakini utaratibu ni ule ule. Linganisha mpango huu na ule wa Delhi, uliotaka sindano kila baada ya miezi 3 kwa muda wote ambao mimba haitakiwi, na utaona kuwa mmoja haukuweza kujificha ndani ya mwingine.

Lakini ushahidi ulio mkubwa haumo Delhi wala maabara. Umo sandukuni kwa mama zetu. Nilimwambia binti yule: mwombe mama mkwe wako akuonyeshe kadi zake za kliniki. Alimwomba. Kadi ya mimba ya kwanza ya mama yule, iliyokwisha kuwa manjano na kuchanika pembeni, ina tarehe mbili za sindano ya pepopunda zilizoandikwa kwa mkono wa nesi. Na baada ya tarehe hizo mama yule amezaa watoto wengine wanne, wa mwisho wao akiwa ndiye mume wa binti anayekatazwa. Jambo hili linaweza kufanywa na yeyote katika mtaa wowote. Mtafute mama mwenye watoto watatu au zaidi aliyehudhuria kliniki, uliza alichomwa katika mimba ya ngapi, na uhesabu waliozaliwa baadaye. Hata katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanawake huchomwa chanjo hii hii, nao bado huzaa zaidi ya watoto 5 kwa wastani.

Atasimama mpinzani aseme: mbona basi Kenya uzazi umepungua? Umepungua, hilo ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa watoto 8 kwa wastani, na mwaka 2022 ilikuwa 3.4. Lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea kabla ya mwaka 2000, miaka mingi kabla ya kampeni iliyolaumiwa. Nao ulikwenda sambamba na wasichana kukaa shule na wake za watu kutumia njia za kupanga uzazi, ambao walikuwa chini ya mmoja katika kumi na sasa wamepita nusu. Hao hawakufungwa vizazi na mtu. Waliamua wenyewe, na wengi wao, walipoacha njia hizo, walizaa.

Insafu yanidai niseme na hili: hofu ya watu haikutoka katika ujinga mtupu. Wanawake na wanaume wamepata kufungwa vizazi bila ya ridhaa yao. Huko India, wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1975 hadi 1977, mamilioni ya wanaume walifanyiwa upasuaji kwa vitisho na kwa hongo. Huko Peru, katika miaka ya 1990, wanawake maskini wa milimani walifungwa mirija kwa maelfu. Na huko Kenya wako wanawake wenye virusi vya Ukimwi waliofika mpaka Mahakama Kuu kudai haki kwa dhuluma ya namna hiyo hiyo. Hayo ni ya kweli na yanastahili kulaaniwa. Lakini yatazame vizuri: yote yalifanywa kwa kisu, yakaacha kovu, yakawa na waliodhulumiwa wenye kusimama na kusema “mimi hapa.” Dhuluma ya sindano ya pepopunda, iliyodaiwa kwa miaka zaidi ya thelathini katika nchi nyingi, haijamleta mbele hata mwanamke mmoja ambaye utasa wake ulithibitika kutokana nayo.

Ubaya wa uvumi huu una upande mwingine usiotajwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa mtu mmoja katika sita hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Basi katika wanawake laki moja waliochomwa sindano, maelfu yangechelewa kupata mtoto hata kama wangechomwa maji matupu, na kila mmoja wao atahesabiwa na jirani zake kuwa ni ushahidi. Huku Afrika, sababu kubwa inayojulikana kwa wanawake ni mirija iliyoziba kwa makovu ya kisonono, klamidia, au maambukizo baada ya kuzaa au kuharibika mimba, na mara nyingi tatizo liko kwa mume ambaye hakupata kupimwa. Kisonono hutibika kikiwahiwa. Mirija ikishaziba ni vigumu. Mwanamke anayeamini kuwa sindano ndiyo iliyomharibu haendi kupimwa usaha unaomtoka, wala mumewe haendi, na kila mwezi unaopita makovu yanazidi. Kwa hiyo uvumi unaojidai kuwa mlinzi wa vizazi ndio unaoviacha viharibike.

Mwaka 1988 ilikadiriwa kuwa watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Kufikia 2018 walikuwa kiasi cha 25,000. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeuondoa ugonjwa huu kwa mama na mtoto, na Kenya mwaka 2018. Lakini kijidudu hakikuondoka udongoni wala hakitaondoka. Kilichoondoka ni vifo, na hivyo vitarudi mahali popote ambapo wanawake watakataa sindano na wembe usichemshwe.

Kwa hiyo nawataka wauguzi wetu waache kuwafokea wanawake wanaouliza. Wawaonyeshe kichupa, jina lake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, wawajibu mpaka waridhike. Nawataka maimamu na mapadri, kabla ya kulipandisha neno hili mimbarini, wadai kwanza yale mambo matatu niliyoyataja. Nawataka akina mama wakwe wafungue masanduku yao na kuzitazama kadi zao wenyewe. Na wewe binti yangu, hukumu yangu ni hii: nenda ukachomwe ya kwanza sasa, ya pili baada ya wiki 4, na hakikisha ya pili imetangulia kujifungua kwako kwa wiki 2 au zaidi, kisha kadi yako uiweke mahali pasipoingia maji, maana sindano tatu zilizobaki zitakungoja, na mtoto wa pili atakuja kwa majaliwa yake Mola kama walivyokuja wale wanne wa mama mkwe wako.